Namba Moja Haitoshi Kumwita Mtu Mgonjwa wa Kisukari

Siku hizi ukipita stendi, sokoni au nje ya msikiti baada ya swala ya Ijumaa, hukosi kukutana na banda la upimaji wa bure. Unakaa kwenye kiti cha plastiki, unatobolewa kidole, tone la damu linanyonywa na stripu, na baada ya sekunde chache mashine inatoa namba. Mpimaji anaitazama, anakutazama, kisha anasema moja kati ya mawili: "Sukari yako iko sawa," au "Mama, una sukari." Wa kwanza anaondoka na uhakika usiomstahili. Wa pili anaondoka na ugonjwa wa maisha aliopewa ndani ya dakika mbili. Kwa maoni yangu wote wawili wamedhulumiwa, kwa sababu namba ile, ikiwa peke yake, haikuwa na uwezo wa kutoa jibu lolote kati ya hayo.

Sisemi upimaji uachwe. Kisukari cha aina ya pili huweza kukaa mwilini miaka kadhaa bila kuuma popote, na wengi hukijua siku kidonda cha mguu kinapokataa kupona. Ninachogombana nacho ni tabia ya kuichukulia namba ya kwanza kama hukumu, wakati kazi yake ni kutuelekeza kwenye kipimo cha pili.

Tutunge mfano unaofanana na mengi yanayopita kwenye dirisha la maabara. Mama mmoja wa miaka 44 anauza khanga Tanga mjini. Kwa miezi kadhaa anachoka upesi, na akipanda ngazi moyo unamwenda mbio. Asubuhi saa 12 amekunywa chai ya maziwa yenye sukari, na saa 3 anapita kwenye banda. Mashine inaonyesha 7.4. Mpimaji anamuuliza kama amekula, naye anajibu kwa ukweli wake kwamba hajala, maana chai kwake si chakula. Anaambiwa ana kisukari. Jirani yake anayetumia metformin anampa vidonge vichache vya kuanzia.

Swali la kwanza ni la kipimo. Ile 7.4 ni milimoli kwa lita, yaani mmol/L, kipimo kinachotumika zaidi katika hospitali zetu. Mashine nyingine na karatasi za baadhi ya maabara huandika mg/dL, na hapo namba ileile husomeka 133. Ukitaka kutoka mmol/L kwenda mg/dL, zidisha kwa 18. Ni jambo dogo, lakini mtu aliyezoea kuona 6 akionyeshwa 108 hudhani mwisho wake umefika, kumbe ni kiwango kilekile.

Swali la pili ni kama damu ilitolewa mtu akiwa amefunga. Kufunga kwa ajili ya kipimo maana yake ni kutokula wala kunywa kitu chochote chenye nguvu ya chakula kwa muda usiopungua saa 8, na kwa kawaida hufanyika usiku kucha. Maji matupu yanaruhusiwa, tena yanasaidia mshipa kupatikana. Chai ya sukari, maziwa, soda, juisi na hata pipi ya kutafuna vinavunja kufunga huko. Mama yetu, kwa hiyo, hakupimwa sukari ya kufunga. Alipimwa sukari ya wakati wowote, ambayo karatasi nyingi huiandika RBG, na mstari wake ni tofauti kabisa. Kwa kipimo cha namna hiyo, kisukari hutajwa sukari inapofika 11.1 au zaidi na mtu akawa na dalili za wazi: kiu isiyokatika, kukojoa mara kwa mara hata usiku, kupungua uzito bila sababu. Namba 7.4 saa tatu baada ya chai tamu haimtii hatiani wala haimwachii huru. Inasema tu kwamba arudi siku nyingine akiwa na tumbo tupu.

Sasa tuje kwenye mistari yenyewe. Kwa sukari ya kufunga iliyopimwa maabara kutoka damu ya mshipa, 7.0 mmol/L na kuendelea ni kiwango cha kisukari. Namba hiyo haikushuka kutoka mbinguni. Mwaka 1979 wataalamu wa Marekani waliweka mstari kwenye 7.8. Baadaye watafiti wakaulizana swali lililo bora zaidi: ni kuanzia kiwango gani ndipo retina, ule utando wa nyuma ya jicho, unapoanza kuonyesha madhara ambayo ni ya kisukari hasa? Walilinganisha sukari na macho ya watu katika jamii ya Pima ya Arizona, nchini Misri na katika Marekani kwa jumla, wakaona madhara hayo yanaanza kupanda chini ya ule mstari wa zamani. Chama cha Kisukari cha Marekani kikaushusha hadi 7.0 mwaka 1997, na Shirika la Afya Duniani likafuata mwaka 1999. Kwa hiyo ukiona 7.0, unaona mahali ambapo macho ya watu yalianza kuharibika.

Chini ya hapo kuna eneo la katikati, na hapa ndipo karatasi za maabara mbili zinapogombana mbele ya mgonjwa mmoja. Shirika la Afya Duniani linasema sukari ya kufunga kuanzia 6.1 hadi 6.9 si ya kawaida, ingawa bado haijawa kisukari. Wamarekani mwaka 2003 waliusogeza mwanzo wa eneo hilo chini hadi 5.6, na mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani liliamua kubaki na 6.1. Mtu mwenye 5.8 ataambiwa na maabara moja kwamba yuko salama, na nyingine itamwekea alama ya nyota. Hakuna iliyodanganya. Wamechagua vitabu viwili tofauti, na wote wawili wanakubaliana juu ya jambo kubwa zaidi, kwamba 5.8 si kisukari. Tofauti yao ni lini mtu aanze kuangaliwa kwa karibu.

Eneo hilo la katikati lina maana ya vitendo. Si wote walio humo watafika kwenye kisukari. Wengine hubaki hapohapo miaka mingi na wengine hurudi kwenye hali ya kawaida. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002 uliwafuatilia watu wa kundi hili kwa takriban miaka mitatu. Waliopangiwa kupunguza asilimia 7 ya uzito wao na kutembea au kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki walipunguza uwezekano wa kupata kisukari kwa asilimia 58. Waliopewa metformin walipunguza kwa asilimia 31. Kwa hiyo mtu wa 6.3 ana nafasi ambayo mtu aliyeambiwa "uko sawa" hataitumia, kwa kuwa hajui kwamba ipo.

Lakini kabla ya kuiamini namba, uliza jinsi ilivyopatikana. Mashine ya kidole imetengenezwa kumsaidia mgonjwa anayejulikana afuatilie hali yake. Kiwango cha kimataifa cha mashine hizo kinakubali kwamba, sukari ikiwa 5.5 au zaidi, majibu 95 kati ya 100 yawe ndani ya asilimia 15 ya kipimo cha maabara, juu au chini. Piga hesabu: sukari halisi ya 7.0 inaweza kusomeka 6.0 au 8.0, na mashine ikahesabiwa kuwa nzima. Hiyo ni mashine nzuri yenye stripu nzuri. Kopo la stripu likiachwa wazi kwenye unyevu wa pwani, au likishinda juani ndani ya gari, kosa linaongezeka. Kidole kilichotoka kumenya embe kikitobolewa bila kunawa, mashine inapima na embe. Mahali pasipo na maabara kipimo hicho huenda ndicho pekee kilichopo, na ni bora kuliko kutopima. Ila palipo na maabara, hakuna sababu ya kumwandikia mtu ugonjwa kwa kidole.

Maabara nayo ina mtego wake, na mtego huo huelekea upande wa pili, ule wa kuficha ugonjwa. Damu ikishatoka mwilini haijafa. Chembe zake zinaendelea kula sukari iliyomo ndani ya tyubu, kwa kasi ya asilimia 5 hadi 7 kila saa katika joto la kawaida la chumba. Chukua mtu mwenye sukari ya kufunga 7.2 halisi. Damu yake imetolewa zahanati asubuhi, ikasubiri bodaboda wa kuipeleka hospitali ya wilaya, ikakaa saa tatu kabla ya kuzungushwa kwenye mashine ya kutenganisha majimaji na chembe. Namba itakayotoka itakuwa 6.2 au chini yake. Kisukari kimepotelea njiani, na karatasi yake itapigwa muhuri wa maabara kama nyingine zote.

Kwa ajili hiyo kuna tyubu yenye kifuniko cha kijivu, ambayo ndani yake ina floridi ya kuzuia chembe zisile sukari. Hata hiyo si dawa kamili, kwa sababu floridi huweza kuchukua hadi saa nne kabla ya kuzuia kabisa, na katika muda huo sukari inaendelea kupungua. Utaratibu mzuri ni kuiweka tyubu kwenye barafu na kuizungusha ndani ya nusu saa. Mgonjwa hawezi kusimamia yote hayo. Anachoweza ni kuona kifuniko cha tyubu yake ni cha rangi gani, na kuuliza kama damu inapimwa hapohapo au inasafirishwa.

Turudi kwa mama yetu wa Tanga. Binti yake anamshauri asimeze vidonge vya jirani, na wiki iliyofuata wanakwenda hospitali. Amekula chakula cha usiku saa 2, na damu imetolewa mshipani saa moja na nusu asubuhi, yaani saa kumi na moja na nusu baadaye. Imepimwa palepale. Sukari ya kufunga ni 6.3. Kwa kitabu cha Shirika la Afya Duniani na kwa kitabu cha Marekani yuko eneo la katikati, si mgonjwa wa kisukari. Lakini daktari aliomba pia HbA1c, na hiyo imetoka 6.7%. Mstari wa kisukari kwa kipimo hicho ni 6.5%. Karatasi moja, majibu mawili yanayopingana.

HbA1c ni sehemu ya himoglobini, ile rangi nyekundu ya damu, ambayo imenatwa na sukari. Sukari ikishanata haitoki hadi chembe nyekundu ife, na chembe huishi siku zipatazo 120. Kwa hiyo kipimo hiki hakijali ulikula nini jana. Kinaonyesha wastani wa miezi miwili hadi mitatu, huku mwezi wa mwisho ukiwa na uzito zaidi. Huhitaji kufunga, na damu huwekwa kwenye tyubu yenye kifuniko cha zambarau. Chini ya 5.7% ni kawaida, 5.7% hadi 6.4% ni eneo la katikati kwa vigezo vya Marekani, na 6.5% kuendelea ni kisukari. Shirika la Afya Duniani lilikikubali kwa utambuzi mwaka 2011, likaonya kwamba kuwa chini ya 6.5% hakumtoi mtu ambaye vipimo vya sukari yenyewe vimeshamkuta na ugonjwa.

Uzuri wake ndio udhaifu wake. Fikiria ukuta wa jiko la kuni. Kwa moshi uleule, ukuta wa zamani utakuwa na masizi mengi na uliopigwa plasta juzi utaonekana msafi. HbA1c inapima masizi. Haiulizi ukuta una umri gani. Chochote kinachobadilisha umri wa chembe nyekundu kinabadilisha jibu, hata kama sukari haijasogea.

Kwa wasomaji wa ukanda huu jambo hili si la kando. Mwenye selimundu chembe zake hufa mapema mno, na kipimo hiki hakimfai kabisa. Aliyetoka kuongezewa damu amebeba chembe za mtu mwingine. Aliyeugua malaria iliyovunja chembe nyingi hubaki na chembe changa, na HbA1c yake hushuka. Hata aliyerithi kinasaba kimoja tu cha selimundu, ambaye haugui na huenda hajui kama anacho, anaweza kusomeka chini: utafiti wa mwaka 2017 kwa Wamarekani Weusi ulikuta watu hao wana HbA1c ndogo kwa takriban 0.3 kuliko wenzao wenye sukari ileile. Ni tofauti inayotosha kumvusha mtu wa 5.9% hadi upande wa "kawaida". Ajabu ni kwamba uhusiano wa HbA1c na kisukari uligunduliwa mwaka 1968 Tehran na Samuel Rahbar, daktari ambaye hakuwa akitafuta kisukari. Alikuwa akichuja damu za wagonjwa kutafuta himoglobini zisizo za kawaida, jamaa za hiyo ya selimundu, akaona mstari usio wa kawaida kwa wenye kisukari. Kipimo kilichozaliwa kwenye uchunguzi wa himoglobini za kurithi leo kinatumiwa kana kwamba himoglobini za watu wote ni sawa.

Kwa mama yetu kosa lilielekea upande mwingine. Daktari alisikiliza ule uchovu na mapigo ya moyo, akauliza kuhusu hedhi, akaambiwa ni nzito na ya siku nyingi. Akaomba picha kamili ya damu. Himoglobini ilikuwa 8.9, na chembe zilikuwa ndogo na zilizopauka, kama zinavyokuwa mtu akipungukiwa madini ya chuma. Mwili usio na chuma hutengeneza chembe mpya chache, zilizopo huwa za umri mkubwa zaidi, na HbA1c hupanda bila sukari kupanda. Uchovu ule haukuwa wa kisukari. Ulikuwa wa damu pungufu, na laiti angeandikiwa dawa za kisukari pekee angeendelea kuchoka huku akilaumiwa kwamba hafuati masharti.

Kanuni katika hali hii iko wazi. Mtu asiye na dalili za wazi za kisukari hatangazwi mgonjwa kwa jibu moja. Yanatakiwa majibu mawili yaliyovuka mstari, ama vipimo viwili tofauti katika siku moja, ama kipimo kilekile siku nyingine. Vipimo viwili vikipingana, hurudiwa kile kilichovuka, isipokuwa kuna sababu ya kukishuku. Hapa sababu ilikuwepo, kwa hiyo daktari aliiweka HbA1c pembeni akaenda kwenye kipimo cha kunywa glukosi.

Kipimo hicho kimeachwa sehemu nyingi kwa sababu kinachosha. Mtu anakuja amefunga, anatolewa damu, anakunywa gramu 75 za glukosi zilizoyeyushwa kwenye maji ndani ya dakika tano, kisha anakaa saa mbili bila kula, kuvuta sigara wala kuzurura, na damu inatolewa tena. Kwa siku tatu kabla yake anatakiwa awe amekula ugali na wali wake kama kawaida, kwa kuwa aliyejinyima wanga huonekana ana sukari nyingi kuliko ilivyo. Baada ya saa mbili, chini ya 7.8 ni kawaida, 7.8 hadi 11.0 ni eneo la katikati, 11.1 kuendelea ni kisukari. Mama alipata 8.6.

Sasa picha imekamilika na haipingani tena. Yuko eneo la katikati kwa vipimo viwili, na ana upungufu wa damu. Alipewa vidonge vya chuma na rufaa kwa daktari wa wanawake kuhusu hedhi, akapewa lengo la uzito na mwendo, na tarehe ya kurudi. Baada ya miezi mitatu, himoglobini ikiwa imepanda, HbA1c yake ilitoka 6.0%. Atapimwa kila mwaka. Asingekuwa na tatizo lolote, angeweza kusubiri hadi miaka mitatu.

Wako wa kuachwa nje ya hesabu hizi zote. Mjamzito ana mistari yake, ambapo sukari ya kufunga ya 5.1 tayari inahitaji daktari. Mwenye homa kali, aliyetoka kufanyiwa upasuaji au anayetumia prednisoloni anaweza kupanda kwa muda na kushuka akipona, hivyo arudiwe baadaye. Na mwenye kiu, kukonda na sukari ya 20 hasubirishwi kipimo cha pili cha wiki ijayo. Anapelekwa hospitali siku hiyohiyo.

Wenye mabanda watasema kwamba masharti haya yatawakimbiza watu, na kwamba ni heri kumtisha mtu mmoja bure kuliko kumkosa mgonjwa. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama mabanda yangekuwa yanakosea upande mmoja tu. Yanakosea pande zote mbili. Yule aliyepimwa 6.9 kwa mashine iliyopungua kidogo akaambiwa yuko sawa ni mgonjwa aliyekosekana vilevile, tena huyu amepewa sababu ya kutorudi.

Tiba yake haihitaji mashine mpya wala bajeti ya wizara. Kila jibu la sukari, liwe la banda au la maabara, liandikwe pamoja na mambo manne: mtu alikula au kunywa mara ya mwisho saa ngapi, damu ilitoka kidoleni au mshipani, ilitolewa saa ngapi na kupimwa saa ngapi, na kitabu cha nani kimetumika kuweka mistari. Kwa HbA1c, liandikwe na la tano: himoglobini ya mgonjwa ni ngapi. Na banda lolote lisilo na mahali pa kumtuma mtu aliyekutwa na 5.6 au zaidi akiwa amefunga, penye jina la kituo na siku ya kwenda, linyimwe kibali cha kupima. Hadi hayo yatakapokuwa sheria, msomaji anaweza kuyaandika mwenyewe kwa kalamu nyuma ya karatasi yake kabla hajatoka dirishani, na daktari atakayeipokea atakuwa na kitu cha kusoma.